Bubbles sita kati ya kumi na moja

Ile picha bado niko nayo kwenye simu, sijaifuta, na watu wananiuliza kwa nini nakaa nayo kama siyo ushahidi wa kitu chochote. Nakaa nayo kwa sababu kila nikiifungua naona tena jinsi ilivyonidanganya bila kusema uongo hata mmoja, maneno yote yaliyo mle ndani ni ya kweli, yaliandikwa na watu ninaowajua, kwa mpangilio uleule. Majina hapa nimeyabadilisha isipokuwa langu, ambalo sitaliandika.

Mimi ni mtoto wa Busia, upande wa Uganda, Msamia. Nyumbani mpakani Kiswahili ndiyo lugha ya pesa, unabadilisha hela kwa Kiswahili, unatukanwa na madereva wa malori kwa Kiswahili, kwa hiyo nilivyokuja Kampala nilikuwa nacho tayari, cha mjini, cha upande wa Kenya. Niko Kawempe mwaka wa nne sasa, nauza nguo za watoto za mivumba, yaani mitumba kama mnavyoita huko kwenu. Wakati ule sikuwa na mahali, nilikuwa natandika kaveera la plastiki barazani kwa duka la mtu, namlipa elfu mbili kwa siku, na mvua ikija nakusanya kila kitu nakimbia.

Okello ni mwanaume wangu, fundi wa umeme, mtu wa kabila la Lango kutoka Lira lakini amekulia kambini Jinja maana mzee wake alikuwa mwanajeshi. Mimi sijui Kilango, yeye hajui Kisamia, Kiganda wote tunakivunja, basi Kiswahili ndicho kinatuweka pamoja. Ila Kiswahili chake ni cha kambi. Anayekijua kile atanielewa. Ni kifupi, kinaamrisha, hakina mikia. Mtu wa Mombasa atasema "mletee maji", Okello anasema "leta yeye maji". Nilikuwa namcheka kwa hilo. Shikeni hapo, tutarudi.

Zaina ndiye rafiki yangu wa kwanza Kampala, Mnubi wa Bombo, ameolewa na dereva wa lori anayepeleka mizigo Juba. Ndiye aliyenifundisha kuchagua bale, kwamba unaangalia kamba kabla ya jina lililoandikwa juu, kamba ikiwa imefungwa upya ujue wameshachagua vya maana wakakurudishia takataka. Wa tatu wetu tunamwita Dada Night, mkubwa kwetu, anapika katogo kwenye stegi ya taksi.

Sasa ilikuwa Jumatano. Okello aliondoka Jumatatu akaniambia amepata kazi ya waya Mbarara, jengo la ghorofa mbili, anarudi Jumatatu inayofuata. Bethdei yangu ilikuwa Ijumaa, nikanuna kidogo lakini kazi ni kazi. Jumanne usiku nikampigia, tunaongea vizuri tu, mara nyuma yake nasikia kondakta, "Bwaise-Wandegeya, Bwaise-Wandegeya!" Jamani. Mbarara ni safari ya nusu siku kutoka hapa, kondakta gani wa Mbarara anaita abiria wa Bwaise? Nikamuuliza, "Uko wapi wewe?" akasema ni redio. Redio! Sikulala.

Kwa hiyo Jumatano mchana Zaina anaponitumia picha za nguo nilikuwa tayari nimepikwa nusu. Alikuwa soko la Owino anafungua bale, ananipigia picha nichague. Zikaja picha tatu. Mimi nimezima ile ya picha kujishusha zenyewe maana inakula bando, kwa hiyo kila picha inakuja imefifia mpaka uibonyeze ishuke. Nikabonyeza ya kwanza, rompa za watoto. Ya pili, sweta. Ya tatu ikashuka nikaona siyo nguo, ni chati. Skrinshoti.

Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hapa ndipo kila kitu kilipovunjikia na mimi mwenyewe nilikuja kukielewa wiki moja baadaye. Skrinshoti ni picha ndefu, inafuata urefu wa simu. Wasapu ikipokea picha ndefu haikuonyeshi yote pale kwenye mazungumzo, inakuonyesha kipande cha katikati, juu imekata, chini imekata, ukitaka yote unabonyeza ndiyo inafunguka inajaa skrini. Wote tunalijua hilo, mtu akikutumia picha yake amesimama unaona kifua hakina kichwa, unabonyeza unaona uso. Lakini hicho kipande cha katikati kikiwa ni maandishi huoni kama kimekatwa. Mtu bila kichwa utashtuka, ila maneno bila kichwa unayasoma tu.

Nikasoma pale pale bila kufungua. Upande wa kulia, kijani, ni mwenye simu, yaani Zaina. Upande wa kushoto, weupe, ni mwenzake. Jina la mwenzake huwa liko juu kabisa na huko juu kulikuwa kumekatwa, lakini sikuhitaji jina, mwandiko wa Okello naujua kama sauti yake. Ilikuwa hivi:

Nyeupe: "hajui kitu"

Kijani: "Una uhakika? Juzi aliniuliza kama nimekuona"

Nyeupe: "mimi ambia yeye niko mbarara mpaka j3 😂"

Kijani: "Na chumba?"

Nyeupe: "nimelipa 180. usitume kitu kwa simu yake ataona"

Nyeupe: "ijumaa tunamumwaga"

Basi. Hapo chini ndipo kilipoishia. Na saa zilizokuwa pembeni ya maneno, 22:47, 22:48, 22:51. Saa tano kasoro usiku, mume wa mtu yuko Elegu kwenye foleni ya mpaka na mke wake anachati na mwanaume wangu kuhusu chumba.

Mteja alikuwa amesimama mbele yangu ananiuliza bei ya koti, nikamwambia sauzi hamsini, koti la elfu nane! Akaondoka. Nikapiga skrinshoti ya ile skrinshoti, sijui hata kwa nini, mkono ulijifanyia wenyewe. Na nashukuru Mungu au namlaumu, maana nilipotaka sasa kuibonyeza nione yote, ile picha ikapotea mbele ya macho yangu, pakabaki yale maneno ya ujumbe umefutwa. Halafu Zaina akaandika, "Hizo mbili umeziona? Sweta ni nzuri sana." Hizo mbili. Amenitumia tatu anasema hizo mbili.

Sasa niambieni nyinyi, mngefikiri nini? Mimi nimewahi kuwauliza watu hili swali na wengi wanasema "wewe ungeuliza tu". Nani angeuliza? Mtu amefuta. Kwangu kufuta kulikuwa ni saini. Kama picha ingebaki pale ningebonyeza, ningeona yote, ningecheka. Aliifuta kwa sababu ile aliyokuwa anataka kuificha ni sapraizi, na mimi nikaona ameifuta kwa sababu ni dhambi, na ukweli ni kwamba mtu anayeficha keki na mtu anayeficha mwanaume vidole vyao vinafuta kwa spidi ileile.

Halafu hilo neno. Kwetu Busia kumwaga mtu ni kumuacha. "Amemwagwa", yaani ameachwa, kwisha. Kwa hiyo nikasoma Ijumaa wananimwaga, siku ya bethdei yangu, wote wawili, wameshalipa na chumba cha gesti elfu mia na themanini, banange, mimi huyo hajawahi kunipeleka gesti ya elfu arobaini.

Nikafunga kaveera langu saa tisa mchana nikaenda nyumbani. Nikamtumia dada yangu Busia ile picha. Dada yangu ni mtu wa moto, akanijibu kwa sauti, dakika nne, sehemu kubwa ni matusi, mwisho akasema, "Usilie kimya. Waanike." Saa mbili usiku nikawaanika. Nikaweka picha kwenye statasi yangu na maneno haya, nayaandika kama yalivyokuwa ili nione aibu vizuri: "Mke wa mtu na shemeji yake. Wanasema Ijumaa wananimwaga, basi mimi nimewahi. Asante rafiki yangu wa Bombo."

Sikuandika jina. Nilijiona nina akili kwa kutoandika jina. Rafiki yangu wa Bombo ni mmoja tu na kila mtu anamjua.

Dakika arobaini ilikaa pale. Nikiangalia jicho linahesabu, kumi na mbili, ishirini, arobaini na tatu. Watu wananitumia emoji za kulia, watu ambao hatujaongea mwaka mzima wananiita "dia, pole". Nitasema ukweli, dakika zile nilijisikia vizuri. Nilikuwa na watu arobaini na tatu upande wangu. Halafu nikashusha orodha ya waliotazama niwahesabu kwa majina, na katikati pale nikaona "Mzee wa Zaina Lori". Nilikuwa nimesave namba yake kwa sababu aliwahi kuniletea maboksi ya viatu. Nikaifuta statasi mkono unatetemeka, lakini jina lake lilikuwa limeshaingia pale, ameona, yuko Elegu kwenye lori, usiku, peke yake, na hakuniandikia hata neno.

Kwa Zaina aliandika maneno matatu. "Rudi kwa mama." Mama ni mama yake yeye, mkwe wa Zaina, aliyeko Bombo. Yaani beba watoto uende ukakae chini ya mkwe mpaka nije.

Zaina alinipigia saa nne usiku, nikakata. Akapiga tena, nikakata. Dada Night akapiga, nikafikiri naye yumo, nikakata. Okello akapiga mara kumi na moja. Nikazima simu nikalala na ushindi wangu.

Alhamisi asubuhi mlango unagongwa, nafungua ni Dada Night na aproni yake ya katogo, hajafungua biashara, na Dada Night hafungi biashara hata kwa msiba. Hakunisalimia. Akaniambia, "Vaa viatu." Nikamwambia siendi popote na wewe. Akasema, "Mimi ni mkubwa wako, nimekwambia vaa viatu." Nikavaa.

Tulipanda taksi kimya mpaka Maganjo. Tukashuka, tukapita kwenye kichochoro nyuma ya duka la unga, kuna vyumba vya biashara vinne vya milango ya chuma, vile vinavyoitwa lokapu. Wa mwisho ulikuwa wazi. Ndani Okello amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, macho mekundu, mikono yake ina rangi ya kijani mpaka kwenye viwiko. Ukuta mmoja umepakwa wote. Wa pili umefika nusu, na ile nusu inaishia kwa mstari uliokwenda upande, unaona kabisa mahali mkono uliposimama. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anapaka usiku kwa taa ya simu, na ndiyo simu hiyo ikaanza kuita watu wakimuuliza kuhusu statasi. Kwenye ukuta uliokwisha amepigilia ubao wenye ndoana za kutundikia nguo. Ndoana za chini chini, za nguo fupi, za watoto.

Sikuelewa mara moja, msifikiri nilielewa kama kwenye sinema. Nilisimama nikasema, "Kwa hiyo ndiyo mnalalaga hapa?" Niliuliza hivyo. Kwenye sakafu ya simenti yenye matone ya rangi. Dada Night akashika kichwa.

Akanipa simu yake akasema soma. Zaina ile skrinshoti alikuwa ameipiga ili amtumie yeye Night, kumjulisha mambo yamefika wapi. Ikakaa kwenye galari pamoja na picha za nguo alizopiga siku ileile, na wakati wa kuchagua picha za kunitumia mimi kidole kikagusa na hiyo. Kwa Night ilikuwa bado ipo. Nikaibonyeza. Ikafunguka yote.

Zilikuwa bubbles kumi na moja, mimi nilikuwa nimeona sita. Juu kulikuwa na mbili. Ya kwanza, Zaina: "Shemeji za saa hizi, watoto ndiyo wamelala. Bethdei ya mtu wetu tumefika wapi?" Ya pili, Okello: "rangi bado ukuta tatu". Halafu ndiyo zinaanza zile sita zangu. "Hajui kitu." Na chini, baada ya "ijumaa tunamumwaga", kulikuwa na tatu zaidi, maana Okello ni wale watu wanaoandika neno wanatuma, neno wanatuma, sentensi moja inakulia vipande vitatu:

"maji"

"jerikani 2 nishaweka"

"alafu ndo tunapea yeye funguo"

Maji. Nyinyi wa Uganda mnajua, mtu akiwa na bethdei anamwagiwa maji, tangu shuleni, unavizia mtu na beseni. Kiswahili kinasema kummwagia. Kuna kile kidogo, "ia", kinachobadilisha kumwaga mtu kuwa kumwagia mtu kitu. Kiswahili cha kambi hakina "ia". Anayesema "leta yeye maji" atasema na "mwaga yeye maji", na akiunganisha anaandika "tunamumwaga" halafu anatuma, halafu ndiyo anaandika maji. Nilikuwa nacheka hiyo "leta yeye" miaka miwili, naijua vizuri kuliko mtu yeyote, na siku niliyoihitaji nikasoma kwa Kiswahili cha Busia.

Chumba ni hicho nilichosimama ndani. 180 ni kodi ya mwezi wa kwanza, wamechanga watatu. "Usitume kwa simu yake" ni kwa sababu laini ya Okello ilikuwa imefungiwa upande wa hela na hela zake zilikuwa zinaingilia kwenye simu yangu, mchango wa Zaina ungeingia mimi ningeona meseji. Na saa tano usiku, nimeshasema, watoto ndiyo wamelala.

Kila kitu nilichokishuku kilikuwepo lakini. Hili nasema hata kama litawaudhi. Alikuwa hayuko Mbarara. Kondakta hakuwa redio. Walikuwa wanachati usiku, walikuwa wananificha, chumba kilikuwa kimelipiwa. Sikuota. Na nimemwambia Okello tangu hapo, sapraizi nyingine usinitengenezee kwa kuniambia uko mji ambao hauko, nidanganye kitu kidogo, niambie uko kwa Dada Night.

Sasa mngefikiri yameisha, watu wanakumbatiana. Zaina alikuwa ameshaondoka asubuhi ile na watoto wawili, yuko Bombo, na mume wake amezima simu. Okello akamtumia yule mume ile skrinshoti nzima, bubbles zote kumi na moja, na maelezo. Alipowasha simu mchana alijibu kitu kimoja ambacho sikitoi kichwani. Aliandika, "Picha ya jana ilinionyesha mke wangu na wewe. Ya leo inanionyesha keki. Kesho mtaniletea picha gani?" Na ni haki yake. Mimi nilimfundisha kwamba picha ya chati ni ushahidi, halafu nikataka aamini ya pili asiamini ya kwanza, wakati zote mbili kwake ni picha tu zimetoka kwenye simu za watu anaowashuku.

Kilichomrudisha haikuwa picha. Alimaliza kushusha mzigo akaja mwenyewe Jumamosi, akaomba simu ya Zaina mkononi, akapandisha ile chati na kidole kutoka mwisho mpaka mwanzo, mbele ya mama yake. Wiki tatu za mazungumzo. Bei za rangi, ugomvi kuhusu kijani au bluu, Zaina anamwambia Okello ndoana ziwe chini, picha ya kufuli, Okello anauliza "yeye anapenda keki gani" mara mbili kwa sababu alisahau. Mambo ya kuchosha yote hayo. Hakuna mtu anayeweza kupika wiki tatu za kuchosha namna hiyo usiku mmoja, nafikiri hiyo ndiyo aliyoiamini.

Ijumaa ya bethdei yangu hakuna aliyemwagiwa maji. Jerikani mbili zilikaa pale pembeni ya mlango wa lokapu.

Jumapili nikaenda Bombo. Dada Night alinipeleka, akaninunulisha sukari kilo mbili na mche wa sabuni, akasema mikono mitupu hawatakufungulia. Nilipiga magoti kwa mama mkwe kwenye mkeka, na Zaina amekaa pale pembeni anachambua mchele haniangalii. Nikaeleza yote, kukatwa kwa picha, neno mwaga, statasi, kila kitu, nilieleza sana, nafikiri nilieleza mno. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Watu wangapi waliona?" Nikasema arobaini na tatu. Akasema, "Uliwaambia siku moja. Utawaambia tena hao arobaini na tatu, mmoja mmoja, siyo kwa kuandika kwenye simu yako halafu watu wapitilize. Mmoja mmoja."

Nilifanya. Ilinichukua karibu wiki. Ile orodha ilikuwa imekwenda na statasi niliyoifuta, kwa hiyo nilikaa na Dada Night tukakumbuka jina kwa jina kwenye karatasi ya unga. Niliwapigia simu, siyo meseji. Thelathini na sita niliwapata. Wengine walicheka, wengine walikuwa hata hawakumbuki, mmoja aliniambia eti yeye hasadiki, anajua nimeambiwa niseme hivyo, na mpaka leo huyo akikutana na Zaina sokoni anamwangalia kwa jicho la pembeni. Dada yangu wa Busia alikuwa ameituma kwenye grupu la familia, na kule sijui ilikokwenda. Kuna mwanamke Malaba alimuuliza mama yangu kuhusu "yule binti yako aliyeibiwa mume" miezi miwili baadaye.

Lokapu niko nayo. Ukuta wa pili umebaki nusu, Okello alitaka kumalizia nikamwambia acha, nikatundika magauni juu yake. Mvua ikinyesha sikimbii tena.

Zaina tunafanya biashara pamoja kama zamani, bale tunagawana, ila kwangu nyumbani haji, na akija dukani anasimama mlangoni. Wiki iliyopita alikuwa Owino akanitumia picha za kuchagua. Zamani alikuwa anatupa kumi kwa mpigo. Sasa anatuma moja, anasubiri nijibu, anatuma nyingine, na chini ya kila picha anaandika kilichomo, rompa, sweta, soksi. Ya mwisho ilikuwa koti jekundu la mtoto wa miaka miwili hivi, limetandikwa juu ya bale, na chini ameandika: "Hii ni koti. Ibonyeze uione yote."

Nikaibonyeza. Ilikuwa koti.